Urari Umelingana, Faida Bado: Hesabu za Mwaka za Duka la Vitenge Arua

Mwanafunzi wa uhasibu akishajumlisha pande mbili za urari na kuona zimetoa jibu moja, hupumua kwa nguvu na kuweka kalamu chini kana kwamba kazi imekwisha. Mwenye duka naye akionyeshwa jumla hizo mbili huuliza swali moja tu: "Kwa hiyo nimepata faida kiasi gani?" Kwa wakati huo hakuna anayeweza kumjibu. Kati ya urari na faida kuna kazi moja ya katikati, yaani maingizo ya marekebisho, na humo ndimo wengi wanapopotea, si kwa sababu hesabu zake ni ngumu, bali kwa sababu hawajaelezwa ni nini hasa kinachorekebishwa.

Tutumie duka moja la mfano. Nimelichora kutokana na maduka ninayoyajua katika mji wa Arua, na tarakimu zake nimezichagua ili zisimchoshe msomaji. Ni duka la vitenge na mashuka, lenye rafu, kaunta na cherehani mbili kwa ajili ya kupinda na kushona. Sehemu kubwa ya mzigo huletwa kwa basi kutoka Kampala. Mwenye duka ni mama mmoja mwenye msaidizi mmoja, na mwaka wake wa hesabu unaanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni, sawa na mwaka wa fedha wa Serikali ya Uganda. Tunafunga mwaka ulioishia tarehe 30 Juni 2025.

Kila muamala wa duka umeandikwa mara mbili katika leja: mara moja upande wa kushoto, yaani debiti, na mara moja upande wa kulia, yaani krediti. Mali, gharama na kile anachochukua mwenye duka kwa matumizi yake hukaa debiti. Mtaji, madeni ambayo duka linadaiwa na mauzo hukaa krediti. Mwisho wa mwaka kila akaunti hupigiwa salio, na masalio hayo yote hupangwa katika orodha moja. Orodha hiyo ndiyo urari. Hapa chini ni urari wa duka letu kabla ya marekebisho yoyote, kwa shilingi za Uganda.

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---:|---:|
| Fedha taslimu, benki na simu | 6,350,000 | |
| Wadaiwa | 4,200,000 | |
| Bidhaa za mwanzo, 1 Julai 2024 | 9,600,000 | |
| Rafu, kaunta na cherehani | 6,000,000 | |
| Uchakavu uliolimbikizwa | | 1,200,000 |
| Manunuzi | 71,400,000 | |
| Usafirishaji wa mzigo | 2,350,000 | |
| Pango | 4,500,000 | |
| Mshahara wa msaidizi | 2,750,000 | |
| Umeme na gharama ndogondogo | 1,150,000 | |
| Matumizi binafsi ya mwenye duka | 3,600,000 | |
| Wadai | | 5,900,000 |
| Mtaji | | 12,000,000 |
| Mauzo | | 92,800,000 |
| Jumla | 111,900,000 | 111,900,000 |

Ukiona jedwali limekaa vizuri hivi usidhani lilizaliwa hivyo. Tuseme katika jaribio la kwanza upande wa debiti ulitoa 110,100,000 na upande wa krediti 111,900,000, tofauti ikiwa 1,800,000. Kabla ya kurudia kujumlisha kuanzia juu, kazi ambayo huchosha na mara nyingi hurudia kosa lile lile, ni afadhali kuihoji tofauti yenyewe. Kwanza tafuta kama kuna muamala wa 1,800,000 ulioachwa upande mmoja. Kisha igawe kwa mbili: nusu yake ni 900,000, na kama kuna salio la 900,000 lililowekwa upande usio wake, tofauti ingekuwa mara mbili ya salio hilo. Hapa hakuna. Halafu igawe kwa tisa: inagawanyika bila baki na kutoa 200,000. Tofauti inayogawanyika kwa tisa ni dalili kwamba tarakimu mbili zilizofuatana zimebadilishana nafasi, au kwamba sifuri moja imeteleza, kwa mfano 2,000,000 kuandikwa 200,000. Kwa kuwa upande wa debiti ndio uliopungua, tunapitisha macho upande huo, na tunakuta wadaiwa wameandikwa 2,400,000 badala ya 4,200,000. Njia hii haifai kila mara, maana makosa mawili yakichanganyika tofauti haisemi kitu, lakini kwa kosa moja huokoa saa nzima.

Sasa pande zimelingana. Kinachothibitishwa na usawa huo ni kitu kimoja tu, kwamba kwa kila shilingi iliyoandikwa kushoto kuna shilingi iliyoandikwa kulia. Kama cherehani ingeandikwa katika manunuzi kana kwamba ni kitenge cha kuuza, urari ungelingana vilevile. Kama deni la mteja mmoja lingeandikwa kwa jina la mwingine, ungelingana. Na muamala ambao haukuandikwa kabisa hauwezi kuuvuruga urari, kwa sababu umekosekana pande zote mbili. Kwa hiyo kabla ya kugusa marekebisho mimi hudai jambo moja: fedha zilizomo dukani zihesabiwe kwa mkono, salio la simu lisomwe kwenye simu yenyewe na la benki kwenye taarifa ya benki, kisha jumla yake ifanane na ile 6,350,000. Salio la fedha likiwa la uongo, marekebisho yatajengwa juu ya mchanga.

Nasisitiza fedha kwa sababu ya pili pia. Ingizo la marekebisho haligusi fedha kamwe. Fedha iliyoingia na iliyotoka ilikwisha kuandikwa siku ilipoingia au kutoka, na hakuna kinachobadilika kwa kuwa kalenda imefika tarehe 30 Juni. Tunachorekebisha ni mpaka wa mwaka: gharama ipi ni ya mwaka huu na ipi ni ya mwaka ujao, hata kama malipo yake yalifanyika mapema au hayajafanyika bado. Mara nyingi mguu mmoja wa ingizo hukanyaga akaunti ya gharama au mapato, na mguu wa pili hukanyaga mali au deni. Ukijikuta unaandika "fedha" katika ingizo la marekebisho, simama. Ama unarekebisha kosa la kawaida la uandishi, ama hujaelewa swali.

Tuanze na pango, kwa kuwa ndilo linalowachanganya wengi. Pango la duka ni 300,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka kulipwa kwa mkupuo, na mama akalipa miezi 15 kuanzia Julai 2024, yaani mpaka mwisho wa Septemba 2025. Hiyo ndiyo 4,500,000 iliyomo katika urari. Mwaka wenyewe una miezi 12, hivyo gharama yake ya pango ni 3,600,000. Zile 900,000 zilizobaki si gharama bado. Ni haki ya kukaa katika chumba kile kwa miezi mitatu ijayo bila kudaiwa, na haki hiyo ni mali. Tunadebiti pango lililolipwa kabla 900,000, tunakrediti pango 900,000. Mwanafunzi anayekosea hapa kwa kawaida huongeza 900,000 juu ya 4,500,000, kwa sababu amesikia neno "miezi mitatu" akafikiri ni deni. Njia rahisi ya kujikagua ni kugawa jibu kwa miezi 12: likitoka 300,000 umepatia, likitoka 450,000 umekwenda kinyume.

Mshahara wa msaidizi unakwenda upande wa pili wa mpaka huo. Analipwa 250,000 kwa mwezi, na leja inaonyesha 2,750,000, yaani miezi 11. Mshahara wa Juni utalipwa mwanzoni mwa Julai. Kazi ya Juni ilifanyika, vitenge vya Juni viliuzwa, na mauzo yake yamo katika zile 92,800,000. Kwa hiyo gharama yake pia lazima iwe ndani ya mwaka. Tunadebiti mshahara 250,000, tunakrediti mshahara unaodaiwa 250,000. Gharama sasa ni 3,000,000 na duka lina deni jipya kwa mfanyakazi wake.

Uchakavu ni suala la kukadiria, na sioni aibu kulisema hivyo. Rafu, kaunta na cherehani viligharimu 6,000,000, na iliamuliwa kwamba vitatumika miaka 5 bila kubaki na thamani yoyote ya kuuzia. Hakuna ajuaye kama cherehani itadumu miaka 5 au 12. Tunachofanya ni kuugawia kila mwaka sehemu yake ya gharama ile kwa usawa, 1,200,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza ulikwisha kuandikwa, ndiyo maana urari una 1,200,000 upande wa krediti. Kwa mwaka huu wa pili tunadebiti gharama ya uchakavu 1,200,000 na kukrediti uchakavu uliolimbikizwa 1,200,000. Kosa la kawaida ni kuchukua ile 1,200,000 iliyomo katika urari na kuiita gharama ya mwaka huu. Hapana, ile ni historia. Baada ya ingizo letu uchakavu uliolimbikizwa unafika 2,400,000, na vifaa vinabaki vitabuni kwa 3,600,000.

Kwa wadaiwa, mama anawafahamu wote kwa sura. Wengi ni walimu na wauguzi wanaochukua kitenge na kulipa mshahara ukiingia. Mmoja wao alihama mji akiwa anadaiwa 350,000, simu yake haipatikani na hakuna wa kumdhamini. Tunadebiti deni lisilolipika 350,000, tunakrediti wadaiwa 350,000. Vitabu vya kiada hupenda baada ya hapo kuongeza tengo la asilimia fulani kwa madeni yenye mashaka. Kwa duka lenye wadaiwa ishirini hivi, nadhani ni bora kupitia jina baada ya jina kuliko kutumia asilimia iliyookotwa, ila katika mtihani fuata swali linavyosema.

Ingizo linalofuata ndilo lililonifundisha kutouamini urari uliolingana. Nyuma ya kaunta kuna daftari dogo la shule, lenye karatasi zilizokunjika pembe, ambamo msaidizi huandika kila kitu mama anachochukua: vitenge viwili vya msiba, shuka la mgeni, vitenge sita vya harusi ya mpwa wake. Jumla kwa bei ya kununulia ni 600,000. Hakuna hata mstari mmoja wa daftari hilo uliofika katika leja, na kama tulivyoona, urari haukulalamika. Bidhaa hizo hazikuuzwa, hivyo haziwezi kuhesabiwa miongoni mwa gharama ya kupata mauzo. Tunadebiti matumizi binafsi 600,000 na kukrediti manunuzi 600,000, yanayobaki 70,800,000. Tunatumia bei ya kununulia, si ya kuuzia, kwa kuwa mtu hawezi kujiuzia mwenyewe kwa faida. Tusingefanya hivi, vitenge vile vingeonekana kama vimepotea au kuibiwa, na faida ghafi ingeshuka bila mtu kujua sababu.

Mwisho ni bidhaa zilizobaki. Katika urari kuna bidhaa za mwanzo tu. Za mwisho hazimo, kwa sababu hakuna muamala unaoziingiza. Haziwezi kupatikana kwa kusoma leja. Mtu lazima apande ngazi na kuhesabu. Jioni ya tarehe 30 Juni duka linafungwa mapema, kila fungu linahesabiwa na kupigwa kwa bei yake ya kununulia pamoja na sehemu yake ya nauli ya mzigo, na jumla inatoka 11,150,000. Lakini katika kona ambako bati linavuja kuna vitenge vilivyoingia maji na kutoa rangi. Viligharimu 400,000, na fundi wa mito amekubali kuvinunua kwa 100,000, avichukue mwenyewe. Kanuni inataka bidhaa zithaminiwe kwa gharama au kwa kile zitakacholeta zikiuzwa, chochote kilicho kidogo. Kwa hiyo tunapunguza 300,000 na kuandika 10,850,000. Mama anaweza kuuliza kwa nini tusisubiri mpaka viuzwe ndipo tuandike hasara. Jibu ni kwamba maji yaliingia mwaka huu, na mwaka ujao hauna hatia.

Thamani hiyo ya bidhaa ina athari kubwa kuliko marekebisho mengine yote, kwa kuwa kila shilingi inayoongezwa katika bidhaa za mwisho huongeza faida kwa shilingi ile ile. Makosa yake pia ni rahisi kuyafanya. Fungu lililofika jioni ile kutoka Kampala likihesabiwa bila ankara yake kuandikwa katika manunuzi na wadai, faida inavimba. Ankara ikiandikwa huku fungu likiwa bado liko njiani na halikuhesabiwa, ilhali limeshakuwa mali ya duka, faida inasinyaa. Katika hali zote mbili urari unalingana bila wasiwasi. Dalili huonekana katika uwiano wa faida ghafi kwa mauzo: ukiruka ghafla ukilinganisha na mwaka uliotangulia na bei za dukani hazikubadilika, rudi kwenye ankara za siku chache kabla na baada ya tarehe 30 Juni.

Tukipanga urari mpya bila kuingiza bidhaa za mwisho, kila upande unatoa 113,350,000. Umeongezeka kwa 1,450,000, na ongezeko hilo lenyewe ni kipimo kizuri. Limetokana na mshahara wa 250,000 na uchakavu wa 1,200,000, ambayo ndiyo maingizo pekee yaliyoongeza salio jipya kushoto na kulia kwa pamoja. Pango, deni lisilolipika na vitenge vya mama vilihamisha kiasi kutoka akaunti moja ya debiti kwenda nyingine ya debiti, na jumla haikutikisika. Anayejua hilo anaweza kutabiri jumla ya urari mpya kabla ya kuuandika, na ikija tofauti anajua aanzie wapi kutafuta. Bidhaa za mwisho zenyewe huingia pande zote mbili zikiandikwa, mali upande mmoja na punguzo la gharama ya mauzo upande mwingine.

Sasa swali la mama linajibika. Gharama ya vilivyouzwa ni bidhaa za mwanzo 9,600,000, pamoja na manunuzi 70,800,000 na usafirishaji 2,350,000, ukitoa bidhaa za mwisho 10,850,000. Hiyo ni 71,900,000. Mauzo ya 92,800,000 yanaacha faida ghafi ya 20,900,000. Pango, mshahara, umeme na gharama ndogondogo, uchakavu na deni lililofutwa vinachukua 9,300,000. Faida halisi ni 11,600,000. Mali zote za duka zinafikia 25,550,000. Ukiondoa madeni ya 6,150,000 inabaki 19,400,000, ambayo ni sawasawa na mtaji wa mwanzo ukiongeza faida na kutoa 4,200,000 alizochukua mama kwa fedha na kwa vitenge.

Tungechukua bidhaa kama zilivyohesabiwa na kuacha mengine yote, faida ingekuwa 12,200,000. Tofauti ya 600,000 inaweza kumfanya mtu aseme tumesumbuka bure. Lakini ni bahati tu kwamba marekebisho yanayoongeza faida yamefuta sehemu ya yale yanayoipunguza. Mwaka ambao pango halikulipwa mbele na mama hakuwa na harusi, tofauti ingekuwa 2,100,000, na yote upande mmoja.

Kuhusu kodi ya mapato nimeiacha nje ya zoezi kwa makusudi. Duka ambalo mauzo yake ya mwaka hayazidi 150,000,000 hutozwa kwa kufuata mauzo, si faida, isipokuwa mwenyewe akichagua vingine. Hata hivyo vitabu havikosi kazi: kwa viwango vya mwaka huo, mwenye mauzo kati ya 80,000,000 na 150,000,000 asiye na kumbukumbu alitozwa 900,000, na mwenye kumbukumbu alilipa 360,000 pamoja na asilimia 0.7 ya kinachozidi 80,000,000. Kwa mama huyu hiyo ni 449,600.

Kuna mtego mmoja uliobaki, na hauonekani mpaka mwaka mpya uanze. Tarehe 1 Julai zile 900,000 za pango lililolipwa kabla zinapaswa kurudishwa katika akaunti ya pango, kwa sababu miezi yake sasa imefika. Na msaidizi akilipwa 250,000 zake za Juni mwanzoni mwa Julai, malipo hayo hayaendi katika akaunti ya mshahara wa mwaka mpya. Yanadebitiwa katika mshahara unaodaiwa ili kulifuta lile deni. Anayeandika daftari la fedha kwa mazoea ataandika "mshahara" na kuendelea na shughuli zake. Mwaka utakapofungwa tena, kwa kiwango kile kile cha malipo na baada ya kuingiza Juni nyingine, akaunti itaonyesha 3,250,000, yaani miezi 13, huku ile 250,000 ya zamani ikiwa bado imekaa upande wa krediti kana kwamba msaidizi hajalipwa. Urari, kama kawaida yake, utalingana.